Sifuri ya Mtoto Ambaye Hakuwepo

Juzi mmeniletea dashibodi ya mwalimu mkuu, grafu za mihula minne, kila darasa na somo lake, rangi zimekaa vizuri. Safu ya alama ya chini ikasoma 0 kwenye masomo matano. Nikauliza, sifuri hizi za nani? Mkatazamana. Nikacheka, lakini roho iliniuma, maana sifuri hizo nazijua.

1. Mtoto ambaye hakufanya mtihani hana alama, hata hiyo sifuri hana. Hili nimelijulia Pemba. Mwalimu wa Hisabati aliwaachia seli tupu waliokosa mtihani, hakukosea kitu. Mimi nikazivuta alama kwa VLOOKUP hadi shiti ya muhtasari. Ndani ya Excel, VLOOKUP ikikuta seli tupu hukuletea 0, na AVERAGE nayo huihesabu kama alama ya kweli.

Muhula ule uliangukia msimu wa karafuu. Kidato cha Pili B daftarini walikuwa 40, wakafanya 30, wengine wako mashambani wanachuma. Waliofanya walipata wastani wa 52, yaani jumla 1,560. Dashibodi yangu ikaigawa kwa 40, ikaandika 39, nyekundu, mshale chini. Muhula wa nyuma walikuwa na 51.

Mwalimu mkuu akaifungua kikaoni, projekta ukutani. Yule mwalimu, mtu mzima, asubuhi ile ile kanipa chai na maandazi, akaulizwa mbele ya wenzake darasa limemharibikia vipi. Akajibu, "Mie nimesomesha," akanyamaza. Nami nimekaa pembeni, nimeshika waya wa projekta, najisifu kimoyomoyo kwamba rangi nyekundu inafanya kazi! Siku ya tatu akanijia na daftari lake na kikokotoo, akanisomea majina kumi, mmoja mmoja. "Huyu hakuja. Huyu hakuja." Alipofika la nne nikatamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi, na kikao kilichofuata nikasimama nikasema kosa ni langu. Toka siku ile naandika hivi:

```
=IF(VLOOKUP(A2,Alama!A:F,4,FALSE)="","",VLOOKUP(A2,Alama!A:F,4,FALSE))
```

Seli tupu inabaki haina namba, AVERAGE inairuka. Aliyefanya akapata 0 kweli, 0 yake inabaki.

2. Kando ya kila wastani wekeni safu ya waliofanya, muihesabu kwa COUNT. Ikiwa sawa na idadi ya daftarini mihula yote, shukuni. Pemba hakuna darasa linalohudhuria hivyo.

3. Kidato cha Pili cha mwaka huu si watoto wa mwaka jana. Mkitaka kujua nani kapanda, fuateni namba ya mwanafunzi, msifuate jina la darasa. Na B wakichanganywa na A katikati ya mwaka, jamani, andikeni tarehe.

Yule mwalimu bado tunaonana. Kila nikifika skulini na laptopu huniita toka barazani: "Ee bwana, leo umeniletea sifuri ngapi?"