Kichupa cha mililita 200 kina bia ngapi ndani yake?

Juzi msomaji mmoja wa Tabata kaniandikia: "Kaka, nimepunguza kunywa. Zamani nilikuwa napiga bia mbili kila jioni, sasa nachukua kichupa kimoja tu cha pombe kali, kile cha mililita 200, nachanganya na soda." Ujumbe ule umenikaa moyoni, kwa sababu ndugu yangu huyu hajapunguza. Ameongeza.

Nimesimama kaunta Sinza kwa miaka, na wateja kama yeye nimewahudumia wengi. Nilipoanza kuwaelekeza wasome lebo, bosi wangu wa wakati ule alinigombeza mbele ya watu kwamba namfukuzia biashara. Bado inaniuma. Lakini hesabu yangu ilikuwa sahihi, na leo naiandika hapa bila kugombezwa na mtu.

Chukua chupa, tafuta vitu viwili: ujazo na asilimia. Ujazo umeandikwa kwa ml au cl (cl moja ni mililita kumi). Asilimia huandikwa kama 35% VOL au ALC 5% VOL. Maana yake ni kwamba katika kila mililita 100 za kinywaji, hizo 35 au 5 ni alkoholi tupu. Zidisha ujazo kwa asilimia, gawanya kwa 100.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi tupu. Bia mbili ni 50. Sasa kichupa: 200 mara 35, gawa kwa 100, unapata 70. Kichupa kimoja kinakaribia bia tatu, ila kinaingia mfukoni na jicho linakiona kidogo. Hapo ndipo watu wanapopotea: wanalinganisha ukubwa wa chupa na kusahau asilimia. Wengine wanafanya kinyume, wanaiogopa mvinyo ya asilimia 12 kuliko bia, wakati glasi ya mililita 150 ina 18 tu.

Na soda? Soda inashusha asilimia kwenye glasi, haiondoi alkoholi. Ukikimaliza kichupa, umekunywa zile 70 zote, hata ukiongeza chupa tatu za soda.

Daktari akikuuliza kwa gramu, zidisha mililita za alkoholi kwa 0.789, maana alkoholi ni nyepesi kuliko maji. Kichupa kinatoa gramu 55 hivi, bia moja karibu 20.

Hesabu hii inategemea lebo ya kweli. Gongo haina lebo, na mnazi unaendelea kuchacha, wa jioni una nguvu kuliko wa asubuhi. Huko usikisie.

Kwa hiyo, ndugu wa Tabata, kama unataka kweli kushuka chini ya bia mbili zako, pima kwa toti ya mililita 30. Kila toti ya asilimia 35 ina 10.5. Toti nne ni 42. Ya tano inakupitisha pale ulipokuwa.