Barua kwa mzee wa mtaa: "ningependa kuomba" au "naomba"?

*Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Malindi. Tunataka kuwazungumzia watu kuhusu matende na mabusha katika uwanja wa mpira wa mtaa, na lazima mzee wa mtaa akubali kwanza. Nimeandika hivi: "Ningependa kuomba ruhusa ya kufanya kampeni ya afya. Tutafanya mkutano Jumamosi saa 4 jioni." Mwenzangu anasema haisomeki vizuri, lakini haniambii kosa liko wapi. Je, niiandikeje?*

Nianze na saa, maana hilo ndilo litakalowakosesha watu. Ukisema "saa 4" kwa Kiswahili, ni asubuhi au ni usiku. Jioni haina saa nne. Umeitazama simu, ukaona 4:00, ukaiandika ilivyo. Mzee akitangaza saa nne, wako watakaofika uwanjani asubuhi na kukuta mbuzi. Andika "saa 10 alasiri". Na kwa kuwa mtaa wenu una msikiti, ongeza "baada ya swala", ili ajue mmelifikiria hilo. Siku nayo ifuatane na tarehe yake. Wazee wa pwani wapo bado wanaohesabu kwamba siku huanza jua linapotua, na kwao usiku wa Jumamosi ni ule unaoamkia Jumamosi. Tarehe hukata ubishi.

Sasa "ningependa kuomba". Si kosa la sarufi, na limezoeleka sana maofisini. Hata hivyo, -nge- hubeba sharti. Msomaji husubiri kuambiwa: ungependa, lakini? Halafu bado hujaomba, umesema tu kwamba unatamani kuomba. "Naomba" inatosha, na haina ukali wowote, kwa sababu heshima imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa kuwa mko kikundi, sema "tunaomba".

Kinachonikera zaidi ni "tutafanya mkutano", inayofuata mara tu baada ya ombi. Umeomba ruhusa katika sentensi ya kwanza, na katika ya pili umeshajipa. Hapa ndipo -ki- inapohitajika: "Ombi letu likikubaliwa, mazungumzo yataanza saa 10 alasiri." Uamuzi umebaki kwa mzee. Kila jambo mnalopanga, kuanzia vipaza sauti hadi viti, lifuate baada ya hiyo "likikubaliwa", lisitangulie.

"Kampeni" iache. Watu wa afya wanaitumia bila neno baya, lakini mtaani ukisema kampeni mtu huuliza ni ya chama gani, na mzee hatapenda uwanja uhusishwe na siasa kupitia jina lake. "Mhadhara" nao hapa pwani watu wengi huuelewa kuwa ni wa dini, kwa hiyo watatarajia shehe. "Mazungumzo ya afya" yanasema kinachokuja. "Mafunzo" pia hayafai, maana aliyeitwa mafunzoni hutazamia daftari, na pengine nauli.

Ugonjwa wenyewe utaje kwa jina. Najua mtu mwenye busha husemwa kwa kuzungukwa, kwamba "ana mshipa", na mbele ya watu wazima hiyo ni adabu nzuri. Lakini kwenye barua "mshipa" utamwacha mzee akikisia, kwa sababu neno hilo hilo hutumika kwa ngiri na kwa mishipa ya damu. "Ugonjwa wa matende na mabusha" ni jina linalotumiwa na wahudumu wa afya wenyewe na halina aibu. Maelezo ya viungo yaachie daktari atakayezungumza.

Usichoandika kabisa ndicho mzee atakachoulizwa kwanza: je, watatoa damu? Watagawa vidonge? Swali hili lina asili yake. Minyoo ya matende huenezwa na mbu, na vitoto vyake huonekana zaidi katika damu usiku, ndiyo maana upimaji wa zamani ulifanywa usiku. Watu kupita na sindano gizani! Uvumi haukukosa pa kuanzia. Tena mtu hukaa na minyoo hiyo miaka mingi kabla mguu haujavimba, kwa hiyo dawa ya kugawiwa jamii humezwa hata na anayejiona mzima, na hilo nalo huzua maneno. Basi barua iwe na sentensi moja ya kukanusha, iliyo wazi, ambayo mzee anaweza kuisema kama ilivyo akiwa barazani.

Hivi ndivyo ningeiandika, baada ya anwani yako na tarehe, tuseme 2 Novemba 2026:

> Kwa Mzee wa Mtaa,
>
> KUH: OMBI LA KUTUMIA UWANJA WA MPIRA, JUMAMOSI 14 NOVEMBA 2026
>
> Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa huu. Tunaomba ruhusa yako tuutumie uwanja wa mpira kwa mazungumzo ya afya kuhusu ugonjwa wa matende na mabusha.
>
> Ombi letu likikubaliwa, mazungumzo yataanza saa 10 alasiri, baada ya swala, na kumalizika saa 11 na nusu jioni. Daktari ataeleza jinsi mbu wanavyoueneza ugonjwa huu na kwa nini mtu asiye na dalili hushauriwa kumeza dawa. Siku hiyo hatutapima damu wala kugawa dawa.
>
> Tutaleta viti na kipaza sauti kimoja, na tutausafisha uwanja tukimaliza. Tutashukuru ukitujibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa, tarehe 6 Novemba.
>
> Wako mwaminifu,

Hapo uweke sahihi, jina na cheo chako. Utaona sikuweka "natumai u mzima wa afya". Hiyo ni ya barua ya kirafiki. Usiogope kuonekana huna adabu: barua hii utaipeleka mwenyewe, na salamu utazitoa kwa mdomo, kwa urefu unaostahili, kabla ya kuitoa mfukoni.

Nimetumia "ruhusa", si "kibali". Kibali watu hukielewa kuwa ni karatasi yenye muhuri, na mzee wa mtaa huenda hana muhuri wa kupiga. Ukimwomba kibali unamwomba asichokuwa nacho, atakupeleka kwa chifu na siku zitapita. Ikiwa tayari unajua chifu lazima ahusike, barua iandikiwe chifu, na chini ya anwani yake uweke "Kupitia kwa: Mzee wa Mtaa". Maneno hayo yana maana kwamba barua inapita mkononi mwa mzee, aisome na kuiunga mkono kabla haijafika juu. Ukiweka "Nakala kwa: Mzee wa Mtaa" umemjulisha tu. Wazee wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko makarani wengi.

Uwanja ukiwa wa shule, ombi ni la mwalimu mkuu, na mzee ndiye wa kupewa nakala.

Kwa polisi, badili kitenzi. Sheria ya Kenya ya mikutano ya hadhara inataka mkuu wa kituo apewe taarifa si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Sheria hiyo imeacha nje baadhi ya mikusanyiko isiyo ya siasa, kwa hiyo muulize chifu kama wenu umo. Ukiandika, sema "tunatoa taarifa", usiseme "tunaomba ruhusa".