Asali, sukari ya kahawia, shira na vidonge vya utamu: kijiko kimoja kina kalori ngapi?

Nimeacha sukari, chai natia asali tu ili nipungue. Mbona mizani haishuki? (Mama Z., Kisauni)

Kwa sababu unapima kwa kijiko, na kijiko hakijui uzito. Kijiko cha chai cha sukari nyeupe, kikisawazishwa kwa kisu, ni gramu 4 hivi, yaani kalori 16. Kijiko hichohicho cha asali ni gramu 7, kalori 21. Gramu kwa gramu asali ina kalori chache, kama 304 kwa gramu 100 dhidi ya 387 za sukari, maana karibu sehemu moja kwa sita ya asali ni maji. Lakini asali ni nzito, haiachi nafasi ya hewa kijikoni kama punje za sukari.

Tuseme wanywa vikombe vitatu kwa siku, vijiko viwili kila kikombe. Kwa sukari ni kalori 96, kwa asali ni 126. Umeongeza 30 huku ukidhani umepunguza. Faida itakuja tu ukitosheka na kijiko kimoja cha asali pale ulipotia viwili vya sukari: hapo watoka 96 hadi 63.

Na hiyo ni asali ya kijiko kilichosawazishwa. Ukichovya kijiko kwenye chupa, asali hujaa juu na nyingine hunata chini ya kijiko, nayo yote yaishia kikombeni. Kama una mizani ya jikoni, weka kikombe juu yake, irudishe sifuri, kisha mimina asali kama kawaida yako. Ukiona 12, jua hicho "kijiko kimoja" chako ni kalori 36.

Baba ana kisukari. Ameambiwa asali safi ya nyuki haimdhuru. Ni kweli? (Likoni)

Si kweli. Kijiko cha asali kina karibu gramu 6 za sukari, kile cha sukari kina 4. Iwe safi namna gani, yapandisha sukari ya damu, na ihesabiwe kwenye chakula chake kama sukari nyingine.

Sukari ya kahawia si ina afya zaidi? (Kijana wa Tudor)

Rangi ile ni molasi kidogo tu. Vitabu vingine vitakwambia kijiko kina kalori 11, vingine 17, na vyote viko sawa: cha kwanza kimetiwa bila kushindiliwa, cha pili kimeshindiliwa. Inunue kwa ladha yake. Sukari guru nayo ni nduguye.

Vile vidonge vya kutia kwenye chai, kweli ni kalori sifuri? (Bi. S., Mji wa Kale)

Karibu sifuri, bibi. Chukua mfano wa aspartame, kitamu kimoja kitiwacho kwenye vidonge hivyo: gramu moja ina kalori 4 kama sukari, ila ni tamu takriban mara 200. Utamu wa kijiko kimoja cha sukari waupata kwa miligramu 20 tu, na hizo hazifiki hata kalori moja. Pakiti ndogo za unga ni tofauti kidogo, kwani huongezewa sukari iitwayo dekstrosi au wanga uitwao maltodekstrini ili unga uonekane. Pakiti ya gramu moja yaweza kuwa na kalori 3 au 4, na nyingi zina utamu wa vijiko viwili vya sukari.

Aspartame itie chai ikishaepuliwa, kwani ikichemshwa sana hupoteza utamu. Mwenye PKU, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja sehemu moja ya protini iliyomo pia kwenye aspartame, asiitumie kabisa. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu hivi visitegemewe kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Hao nao wakumbuke hili: sukari ikishuka mwilini, jasho na mtetemeko vikianza, kidonge cha utamu hakiokoi. Hapo panatakiwa kijiko kikubwa kimoja cha sukari halisi au asali, kama mgonjwa ana fahamu na aweza kumeza.

Naweza kupika shira ya kaimati kwa hivyo vidonge? (Majengo)

Utapata maji matamu, dada. Uzito wa shira ni sukari yenyewe, na vidonge havina wingi wa kuifanya inate.

Kuhesabu shira ya kawaida ni rahisi, kwani maji hayana kalori. Kikombe kimoja cha sukari, gramu 200, ni kalori kama 774. Ukitia nusu kikombe cha maji, iliki, ukaichemsha mpaka inate vidoleni, kijiko cha chai kitakuwa na kalori 18 hivi. Ikienea kaimati 40 bila kubaki sufuriani, kila moja imebeba kama 19, mbali na unga na mafuta. Ukizigeuza humo kisha ukaziweka kwenye chujio zidondoke, shira itakayobaki chini ya chujio ipime kwa kijiko, kisha toa kalori 18 kwa kila kijiko kwenye zile 774 kabla ya kugawa.