Boksi la Katikati Linaokoa Mtaro, Si Lazima Liokoe Kebo

Mpe mteja karatasi yenye majengo matatu, umwombe achore kebo ya intaneti, ile ya nyuzi za kupitisha mwanga, itapitia wapi. Mara nyingi atachora mistari mitatu inayokutana katikati ya uwanja. Ni mchoro mzuri, na kwa hesabu ya urefu peke yake mara nyingi ni sahihi. Hata hivyo nimeshauri shule na maghala kadhaa pande za Embakasi, Nairobi, wasiweke maungio yoyote pale katikati, na wengine nimewaambia wachimbe kama walivyochora. Tofauti haikuwa kwenye ukubwa wa kiwanja. Ilikuwa kwenye kile wanacholipia: mtaro au kebo.

Kuna njia mbili za kuunganisha majengo kwa urefu mfupi. Ya kwanza inaruhusu kebo kugawanyika ndani ya majengo tu. Unaanza na jozi iliyo karibu zaidi, kisha jozi inayofuata, ukiruka ile itakayofunga duara, mpaka majengo yote yashikane. Huo ndio mti mfupi wa kuunganisha, na hesabu yake ni nyepesi hata majengo yakiwa mia. Njia ya pili inakuruhusu kuongeza kituo pasipo na jengo, penye chemba, yaani shimo lililojengwa lenye mfuniko, na boksi la maungio ambamo nyuzi za kebo huunganishwa. Huo ni mti wa Steiner, uliopewa jina la Jakob Steiner, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 19, ingawa swali la pointi tatu ni la zamani zaidi: Fermat alilitoa na Torricelli akalijibu katika karne ya 17.

Tuchukue kiwanja cha shule. Ofisi, ambako intaneti inaingia, tuiite A. Maabara ni B na bweni ni C. Kutoka A hadi B ni mita 240, A hadi C mita 240, na B hadi C mita 280. Uwanja uko wazi, hakuna barabara ya kukwepa.

Bila boksi la katikati, unavuta kebo mbili kutoka ofisini, na urefu ni mita 480. Ukiweka maungio mahali panapofaa kabisa, hesabu ni hii, ambapo a, b na c ni pande tatu na E ni eneo la pembetatu:

```
L = √( (a² + b² + c²)/2 + 2√3·E )
```

Eneo hapa ni takriban mita za mraba 27,291, na L inatoka mita 437. Umeokoa mita 43, karibu asilimia 9. Kwa majengo matatu huwezi kamwe kuokoa zaidi ya asilimia 13.4, na kiwango hicho hupatikana pande zote tatu zikiwa sawa tu. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba maungio ya katikati ya uwanja wazi wenye majengo matatu yatakupunguzia kebo kwa robo, hajapima.

Mahali pa maungio hapabahatishwi. Mistari yote mitatu lazima ikutane kwa pembe ya nyuzi 120 kila upande. Njia ninayoipenda haihitaji kompyuta: chora kiwanja kwa kipimo, kisha chukua karatasi ya plastiki inayoonyesha na uchore juu yake mistari mitatu inayotoka pointi moja, ikiachana nyuzi 120. Isogeze na kuizungusha juu ya ramani mpaka kila mstari upite kwenye jengo lake. Kwenye shule yetu pointi hiyo inaangukia mita 114 kutoka ofisini, halafu mita 162 hadi maabara na mita 162 hadi bweni.

Ukiona plastiki haikubali popote, usiilazimishe. Maana yake pembe kwenye jengo mojawapo imefika nyuzi 120 au kuzidi, na hapo jengo lenyewe ndilo kituo bora. Unaweza kujua hilo kwa tepu tu. Chukua umbali mbili zinazotoka jengo la kati, zidisha kila mmoja kwa wenyewe, kisha zidisha wa kwanza kwa wa pili, na ujumlishe zote tatu. Umbali wa tatu ukizidishwa kwa wenyewe na kufikia jumla hiyo, sahau boksi. Kwa shule yetu, maabara na bweni yangekuwa yameachana mita 416 au zaidi, tusingekuwa na la kujadili.

Sasa tuhesabu kebo inavyonunuliwa kweli. Hakuna fundi anayekata kebo ikaishia ukutani kamili. Tuseme kila ncha inayoingia jengoni inaachiwa akiba ya mita 10. Kwenye chemba akiba huwa kubwa zaidi, tuseme mita 15 kwa kila kebo, kwa sababu boksi lazima litolewe shimoni na kufika kwenye meza ya kuchomelea nyuzi, leo na siku ya matengenezo. Njia ya kwanza ina ncha nne, zote majengoni, kwa hiyo 480 na 40 ni mita 520. Njia ya Steiner ina ncha tatu majengoni na tatu kwenye chemba: 437 na 30 na 45, jumla mita 512.

Zile mita 43 zimebaki 8. Bado hujanunua boksi, hujajenga chemba, wala hujamlipa mwenye mashine ya kuchomelea. Kama nguzo tayari zimesimama kati ya ofisi na majengo yote mawili, na kazi ni kutundika kebo tu, mimi hapo sijadili tena. Vuta kebo mbili, malizia ndani ya ofisi, nenda nyumbani.

Mtaro ni habari nyingine, kwa sababu mtaro hauna akiba. Mita 43 ambazo hazikuchimbwa zimebaki kwako zote, na kwa kazi nyingi nilizosimamia, mchimbaji na bomba la plastiki huzidi bei ya kebo kwa kila mita. Mwalimu mkuu mmoja aliniuliza, “Sasa fundi, kama mtaro ndio ghali, kwa nini tusichimbe hivi tulivyochora na tuache hilo boksi?” Hilo ndilo swali ninalotaka kila mteja aulize.

Inawezekana kabisa. Chimba mtaro wa Steiner, lakini usikate kebo. Kutoka ofisini laza kebo mbili ndani ya mtaro mmoja kwa mita 114, kisha moja ipinde kuelekea maabara na nyingine bweni. Mtaro unabaki mita 437. Kebo sasa ni 114 mara mbili, na 162 mara mbili, na akiba ya majengoni mita 40: takriban mita 592 kwa jumla. Umeongeza kebo mita 72 juu ya ile njia ya kwanza, umepunguza mtaro mita 43, na hakuna uzi hata mmoja uliochomelewa nje. Kwa hiyo ikiwa mita moja ya mtaro inagharimu zaidi ya mara 1.7 ya mita moja ya kebo, umeshinda. Tena ukitaka ukali zaidi, sogeza njiapanda karibu kidogo na ofisi, maana kipande kinachobeba kebo mbili ni ghali kwa mita kuliko vile vingine, na nyuzi 120 ni sahihi tu pale ambapo vipande vyote vitatu vina bei moja.

Ninavyopendelea njia hii si kwa ajili ya shilingi tu. Upande wa mashariki wa Nairobi una udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Chemba iliyojengwa humo husogea, mfuniko hauketi tena sawasawa, na masika yakifika maji yanaingia. Boksi likiwa limefungwa vizuri litavumilia. Lisipokuwa hivyo, nguvu ya mwanga inaanza kushuka, na dalili ni hii: maabara na bweni zikidhoofika pamoja, tatizo liko kwenye maungio au kabla yake, ikidhoofika maabara peke yake, kwanza angalia mbele ya boksi, kisha uzi wake mwenyewe ndani ya boksi.

Ukipima kutoka ofisini kwa OTDR, mashine inayotuma mwanga ndani ya uzi na kuonyesha umbali hadi kwenye maungio au kosa, kumbuka mashine inapima uzi, haipimi ardhi. Kwenye shule yetu maungio yataonekana karibu mita 139, yaani akiba ya ofisini 10, mtaro 114, na akiba ya chemba 15. Fundi asiyejua akiba hizo atapima mita 139 kwa tepu, apite chemba kwa mita 25, na aanze kuchimba mahali pasipo na kosa. Ndiyo maana nataka akiba ziandikwe kwenye mchoro wa mwisho, kila moja mahali pake.

Mambo yanabadilika kabisa ukitoka uwanjani na kuingia barabarani. Pande za Industrial Area huwezi kukata katikati ya ghala la mtu. Kebo inafuata barabara, inakwenda mbele na kupinda kona. Hapo hakuna nyuzi 120. Kwa maghala matatu, ikiwa barabara zimekatana kama mraba, kanuni ni rahisi mno: panga umbali wa mashariki, chagua wa kati, panga umbali wa kaskazini, chagua wa kati. Tuseme ghala la kwanza liko kwenye 0 na 0, la pili mita 200 mashariki na 300 kaskazini, la tatu mita 500 mashariki na 100 kaskazini. Maungio yanakwenda mita 200 mashariki na 100 kaskazini. Urefu ni 300 na 200 na 300, jumla mita 800. Kwa kupitia maghala yenyewe tu ungetumia mita 1,000, maana jozi mbili za karibu zimeachana mita 500 kila moja.

Mita 200 ni nyingi, na hata akiba za chemba haziwezi kuzimeza. Kwa maghala matatu kwenye barabara za namna hii faida inaweza kufika robo, jambo lisilowezekana kwa majengo matatu ya uwanja wazi. Kwa hiyo huku ndiko ninakotafuta boksi kwa bidii. Ila kona ile ya mita 200 na 100 lazima iwe kona kweli, penye barabara na nafasi ya chemba ambayo kaunti itaitolea kibali. Ikiwa haipo, usichukue kona jirani kwa kukisia. Orodhesha kona zote zilizopo kati ya maghala, jumlisha umbali wa barabara kutoka kila kona hadi maghala yote matatu, na uchukue jumla ndogo. Kwa maghala matatu ni kazi ya jioni moja. Yakifika kumi na zaidi, idadi ya njia za kuchanganya kona inalipuka. Hapo mimi hutengeneza kwanza mti wa kawaida, kisha napita kila mahali kebo mbili zinapotoka jengo moja na kufuata barabara ileile, naziunganisha mpaka zinapoachana, na pale zinapoachana ndipo ninapoanza kuuliza bei ya chemba.