Nyumba kuukuu Kisumu: faida inayobaki ukishalipa kila mtu

Fundi akikuletea makadirio ya ukarabati, mwombe ayagawe mara mbili: kazi inayoonekana na kazi iliyofichika. Rangi, vigae na milango atavipima kwa macho na futi. Mbao za paa, nyaya zilizo ukutani na mabomba hawezi kujua hali yake mpaka afungue. Mimi huongeza asilimia 10 kwa kundi la kwanza na asilimia 50 kwa la pili.

Kabla ya kununua, panda darini na bisibisi. Dunga mbao pale zinapokaa juu ya ukuta, maana mchwa huanzia hapo. Bisibisi ikizama bila nguvu, weka hesabu ya mbao mpya. Kisha tazama nyufa. Kisumu ina sehemu nyingi za udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha huenda ni msingi unaosogea. Mwenye nyumba akikubali, ziba kipande chake kwa jasi nyembamba, uandike tarehe. Jasi ikipasuka, plasta haitaponya kitu. Nyumba ya namna hiyo mimi huiacha, hata bei ikiwa tamu kiasi gani.

Nyumba moja ya Migosi niliyoishughulikia ilinunuliwa kwa shilingi 3,200,000. Fundi alikadiria 600,000: 350,000 za kazi ya wazi na 250,000 za iliyofichika. Kwa kanuni yangu nikatenga 760,000. Kazi ya wazi ilikula 370,000, lakini iliyofichika ikafika 385,000, kwa sababu mabomba ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu hadi chini ya sakafu. Jumla ikawa 755,000.

Ikauzwa 4,700,000. Ukitoa bei ya kununua na yale makadirio ya fundi, utadhani faida ni 900,000. Sasa toa ushuru wa stempu wa asilimia 4 uliolipwa wakati wa kununua, yaani 128,000, wakili 60,000, dalali 141,000, na badala ya makadirio ya fundi toa gharama halisi ya ukarabati, 755,000. Zinabaki 416,000. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu 2023, inachukua 62,400. Mkononi: 353,600.

Tunza risiti zote, hata za misumari. Bila ushahidi wa zile 755,000, kodi ingeongezeka kwa 113,250. Na ukiuza nyumba mara kwa mara, KRA inaweza kuihesabu faida yako kuwa mapato ya biashara, na hapo kodi ni nyingine kabisa.

Je, kupangisha? Tuseme 28,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja nyumba ikae tupu: 308,000 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya nyumba ni asilimia 7.5 ya pato lote, bila kutoa gharama yoyote, yaani 23,100. Toa 40,000 za ada za ardhi na matengenezo madogo, zinabaki 244,900. Kwa mtaji wa 4,143,000, yaani bei ya kununua, stempu, wakili na ukarabati, hiyo haifiki asilimia 6. Ikiwa pesa za kununulia ni mkopo wa benki, riba itaimeza yote, na kwa nyumba hii ningeuza.