Maswali ya wanunuzi: anza na lile linalowazuia kulipa

"Kama kuran inaenda, hii itabeba frigo yangu?"

Mimi na yaya wangu tunauza paneli za sola, betri na inverta hapa Lubumbashi, upande wa Kamalondo, na swali hilo linatufikia karibu kila siku. Kwenye ukurasa wetu wa maswali lilikuwa la kumi na tisa, tena limeandikwa "Je, mfumo wenu unafaa kwa jokofu?" Hapa kwetu hakuna anayesema jokofu. Mtu anapitisha macho akitafuta frigo, haioni, anafunga. Swali la kwanza lilikuwa "Sisi ni nani?" na la pili "Kwa nini utuchague sisi?" Hayo mawili hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si dukani wala kwa simu.

Mengi tuliyaongeza kwa sababu tuliambiwa Google itayaonyesha chini ya jina la duka mtu anapotafuta. Agosti 2023 Google ilipunguza sana maonyesho hayo, wakati huo ikayaacha hasa kwa tovuti zinazojulikana za serikali na za afya. Basi aliyebaki wa kumwandikia ni mtu mwenye simu mkononi, anayenunua mega kidogo kidogo na anayetaka kujua jambo moja kabla hajatoa dola zake.

Nilipoamua kuupanga upya, sikuanza na ukurasa wenyewe. Nilichukua daftari, nikarudi kwenye ujumbe wa WhatsApp wa miezi mitatu, nikaandika kila swali kama lilivyoulizwa, bila kulisafisha. Pembeni niliweka alama mbili. Ya kwanza ni ya kuhesabu tu: limeulizwa tena. Ya pili niliiweka pale mtu alipouliza, tukamjibu vibaya au kwa kuchelewa, kisha akanyamaza asirudi. Nakushauri uiweke alama hii ya pili hata kama inakuchosha, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mpangilio wote. Swali lililoongoza kwa hesabu lilikuwa "Munafungua saa ngapi?", lakini hakuna aliyeacha kununua kwa sababu yake. Saa za kazi na mahali pa duka nikazitoa kabisa kwenye maswali, nikaziweka katika mstari mmoja juu ya ukurasa.

Waliokuwa wananyamaza walikuwa wameuliza mambo manne. Itabeba frigo? Kama inakufa mbele ya mwaka, munabadilisha? Nikituma pesa kwa simu niko Likasi, nitajuaje kitu kitafika? Na dola yenye kipasuko munapokea? Hili la mwisho lilikuja mara chache, lakini wewe unayeishi hapa unajua uzito wake: noti ikiwa na mchaniko mdogo tu ukingoni, mtu anaweza kupanda basi kutoka Ruashi hadi dukani kisha arudi mikono mitupu. Nililiweka la nne, juu ya maswali yaliyoulizwa mara nyingi zaidi. Jibu lake ni fupi: "Hapana, hata mchaniko mdogo. Lipa kwa faranga kwa bei ya dola ya siku hiyo, au kwa M-Pesa."

Kufupisha majibu ndiko kulikonifundisha kwa uchungu. Jibu la zamani la frigo lilikuwa na aya tatu, zikieleza paneli zinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Nililikata lote nikaandika: "Ndiyo, inabeba frigo." Haikupita muda mama mmoja wa Katuba, anayeuza maji ya baridi, akaja na inverta yake ndani ya mfuko wa mchele. Alikuwa ameiunganisha na frigo kubwa ya kugandisha. Kila mota ilipojaribu kuwaka, inverta ililia mara moja na kuzima, na maji yake yote yakapata moto. Inverta haikuwa mbovu. Mota ya frigo, inapoanza tu, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishatulia, na inverta ndogo haiwezi kuhimili ile nguvu ya mwanzo. Kosa lilikuwa langu: nilikata sharti pamoja na maelezo.

Tangu siku ile kipimo changu ni kimoja. Nikiondoa sentensi hii, je, mtu anaweza kununua kitu kisichomfaa au kupoteza pesa? Kama ndiyo, inabaki. Kama hapana, inatoka, hata kama naipenda. Namna sola inavyofanya kazi ilitoka. Ukubwa wa frigo ulirudi.

Nilikaa na yaya tukapiga hesabu kwanza, ili jibu lisimame juu ya kitu. Betri ya volti 12 na Ah 100 inashika takriban Wh 1,200. Betri zetu ni za risasi, na ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, kwa hiyo tunahesabu Wh 600. Inverta yenyewe nayo inakula kidogo. Frigo ndogo haizunguki muda wote. Ikitumia wastani wa wati 50, betri hiyo inaipeleka karibu saa kumi. Hesabu hiyo yote haimo kwenye ukurasa. Kilichomo ni hiki:

```html
<details id="frigo" open>
  <summary>Kuran ikienda, itabeba frigo yangu?</summary>
  <p>Ndiyo, kama ni frigo ndogo: betri moja ya 100 Ah
  inaibeba usiku mmoja. Frigo ya kugandisha inataka
  inverta kubwa zaidi. Tutumie picha ya kibandiko
  cha nyuma ya frigo kabla hujalipa.</p>
</details>
```

Angalia mpangilio wake: neno la kwanza linajibu, kisha sharti, kisha kitu cha kufanya. Sentensi tatu, na zote zinaonekana kwenye simu ndogo bila kusukuma ukurasa. Likizidi hapo, mara nyingi nagundua nimebana maswali mawili ndani ya moja, nami nayatenganisha. Neno `open` linaliacha jibu wazi; nimeliweka kwenye yale manne ya juu tu, mengine yanafunguka ukigusa swali. Ile `id` inanisaidia kila siku: mtu akiuliza WhatsApp, namtumia anwani ya ukurasa ikiishia na `#frigo`, naye anatua juu ya jibu lenyewe.

Maswali yalikuwa 31, sasa ni 11. Yaya alihofu kwamba ukurasa mfupi utaonyesha duka dogo, na kwa siku chache hatukuelewana. Kilichomtuliza ni ujumbe uliokuwa ukiingia. Watu waliacha kuuliza kama frigo itabebwa, wakaanza kutuma picha za vibandiko. Nami hapo ndipo ninapojua jibu linafanya kazi: swali linalokuja baada yake limesogea hatua moja mbele. Likirudi lile lile kutoka kwa mtu aliyekwisha kusoma, jibu ni baya, hata liwe fupi namna gani, na nalirudia kuliandika.

Daftari bado liko kwenye meza ya duka, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunalisoma pamoja. Mvua zinapokolea, mwezi wa kumi na moja, "Siku za mawingu inafanya kazi?" linapanda hadi nafasi ya pili. Mwezi wa tano, anga likishatakata, tunalirudisha chini.