Dakika 30 au Saa Moja: Zamu ya Mlinzi wa Moto Baada ya Kukata Chuma

Swali: Tunaondoa mabomba ya zamani ya chuma katika ghorofa ya nne, tukikata kwa oksijeni na asetilini. Kibali chetu cha kazi ya moto kinamtaka mlinzi wa moto abaki dakika 30 baada ya kazi, lakini watu wa bima wanadai saa moja. Je, dakika 30 hazitoshi? Na mlinzi huyo anaweza kumsaidia fundi kushika na kushusha vipande vya bomba?

Jibu: Andikeni saa moja, na mlinzi asishike bomba.

Dakika 30 hazikutoka hewani. Kanuni ya OSHA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama kazini, kuhusu kuchomelea na kukata, 1910.252, inataka ulinzi uendelee kwa angalau nusu saa baada ya kazi kwisha, na fomu nyingi za vibali zilinakiliwa kutoka huko. Hata hivyo, kiwango cha NFPA 51B cha kazi ya moto, kinachotolewa na shirika la Marekani la kujikinga na moto na ambacho wakaguzi wengi hukitegemea, kiliongeza muda huo hadi saa moja katika toleo la mwaka 2019. Sababu ni tabia ya moto wenyewe. Tone la chuma kilichoyeyuka likiangukia karatasi kavu, mwali huonekana papo hapo na yeyote aliye karibu atauzima. Likiingia katika maranda, matambara, pamba ya kuzuia joto au vumbi lililojazana ndani ya ukuta wa mbao, huanzisha moto wa kufukuta, usio na mwali na wenye moshi mchache, ambao hujitafunia njia polepole hadi upate hewa ya kutosha. Nusu saa ya kwanza inaweza kupita bila dalili yoyote, fundi akafunga mitungi yake, na watu wakaondoka wakiamini kwamba kazi imekwisha salama.

Tuchukue bomba lenu moja. Bomba la kipenyo cha milimita 100 linapita katika sakafu ya zege kutoka ghorofa ya nne kwenda ya tatu, na tundu lililotobolewa kwa ajili yake ni kubwa kidogo kuliko bomba, kwa hiyo pembeni pana mwanya wa upana wa kidole. Mara nyingi mwanya huo umezibwa kwa tambara la zamani au povu la plastiki. Fundi akikata sentimita 20 juu ya sakafu, matone hufuata ukuta wa bomba, hupita katika mwanya na kudondoka juu ya dari ya ghorofa ya tatu, mahali ambapo aliyesimama ghorofa ya nne hawezi kupaona. Wakati huohuo joto husafiri ndani ya chuma chenyewe. Bomba likigusa ubao au povu upande wa pili wa ukuta, huweza kuliwasha bila cheche hata moja kufika huko. Ndiyo maana, kabla ya kibali kusainiwa, vitu vinavyoweza kushika moto huondolewa ndani ya mita 11 kutoka mahali pa kazi, na visivyoweza kuondolewa hufunikwa kwa blanketi la moto. Mianya yote ya sakafu na kuta iliyomo katika umbali huohuo huzibwa kwa kitu kisichoungua. Tambara lililolowekwa maji halihesabiki kuwa kizibo, kwani litakauka kabla ya bomba la tatu.

Mwaka 1996, katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf nchini Ujerumani, mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara iliyo juu ya jengo la abiria. Chuma cha moto kilipenya hadi kwenye uwazi wa dari uliokuwa na povu la polistirini, na watu 17 wakapoteza maisha. Waliokuwa wakichomelea walikuwa juu, ilhali moto ulikuwa chini yao.

Kwa hiyo, kwa kazi yenu, mlinzi mmoja hatoshi. Mmoja asimame pamoja na fundi, na mwingine awe ghorofa ya tatu chini ya tundu, kipande cha dari kikiwa kimeondolewa ili aone ndani, na wawili hao wawe na redio au njia nyingine ya kuitana bila kupanda ngazi. Hapo ndipo swali lako la pili linapojijibu: anayeshika bomba ana mikono iliyojaa na macho yaliyoelekea kwenye mkato, ambako fundi tayari anaangalia. Mlinzi ameajiriwa kuangalia kwingine kote. Akihitajika mtu wa kushusha vipande, aitwe mtu wa tatu. Mlinzi apewe pia mamlaka, yaliyoandikwa katika kibali, ya kumwamuru fundi azime moto mara moja, hata kama fundi ni mkubwa wake kazini. Wapaka rangi wakiingia ghorofa ya tatu na makopo ya tina, kazi isimame na kibali kitolewe upya, kwa sababu mazingira yaliyokaguliwa asubuhi hayapo tena.

Kuhusu vifaa, nina ushauri ambao wengine huuona mdogo. Mtungi wa kuzimia moto wa poda huua mwali haraka, lakini haupozi maranda au pamba inayofukuta ndani, na dakika chache baadaye moto hurudi. Mlinzi wa chini awe na maji pia, kwa mpira uliokwisha kufunguliwa au kwa mtungi wa maji, na umeme wa eneo hilo uwe umekatwa. Azime kile tu kinachozimika kwa vifaa alivyo navyo. Kikizidi hapo, king'ora kwanza.

Saa ya ulinzi huanza kuhesabiwa mkato wa mwisho unapokwisha, na mapumziko ya chakula hayaikatizi. Katika saa hiyo mlinzi hapaswi kukaa kwenye ndoo karibu na mlango. Nimewahi kumkuta mmoja katika hali hiyo, fomu ikiwa imejazwa hadi mwisho wakati zilikuwa zimebaki dakika 40. Anapaswa kuzunguka pande zote mbili za ukuta na sakafu, akinusa, kwani harufu ya nguo iliyoungua hutangulia moshi, na kugusa ukuta kwa mgongo wa kiganja. Sehemu inayozidi kupata joto ilhali bomba lenyewe linapoa ina moto ndani, na hapo ukuta ufunguliwe bila kungoja.

Hesabu hiyo ndiyo inayopanga siku yenu. Kama wafanyakazi huondoka saa 11:00 jioni, mkato wa mwisho uwe umekwisha saa 9:30 alasiri. Ulinzi wa mfululizo utafika saa 10:30, na nusu saa inayobaki ni ya ukaguzi wa mwisho na makabidhiano. Aliyetoa kibali arudi mwenyewe mahali pa kazi, ghorofa zote mbili, kabla ya kusaini kwamba kimefungwa. Kesho kibali kingine.

Na kabla ya hayo yote, fomu iulize kama moto unahitajika kweli. Bomba lililothibitishwa kuwa tupu na lisilo na mabaki ya gesi laweza kukatwa kwa msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi, polepole zaidi lakini bila chuma kuyeyuka. Grinda haiingii katika msamaha huo: cheche zake zinahitaji kibali na mlinzi sawasawa na gesi. Vipande vilivyo wazi katikati ya chumba mnaweza kuvikata kwa msumeno kuanzia kesho, mkabakiza kwa gesi vile tu ambavyo msumeno haufiki.